Wa kunizikia ninao, wa kuongea naye sina

Shikamoo mjomba,

Nina miaka 39, ni mtumishi wa serikali. Nilihamia Dodoma na wizara yetu mwaka 2019 na nimepanga Ilazo. Mke na watoto wamebaki Dar kwa sababu ya shule na biashara yake, na karibu kila Ijumaa napanda treni kuwafuata.

Mwaka jana baba yangu alifariki. Wenzangu wa ofisini na wa kijiweni walichanga, wengine walisafiri hadi Kondoa kuzika. Nawashukuru sana. Lakini tangu turubai liliposhushwa hakuna aliyeniuliza tena, na mimi usingizi umekuwa wa shida. Siku moja tukiangalia mpira nikawaambia kwamba usiku namuwaza sana mzee. Mmoja akasema, "Kaza bwana, wewe si mwanaume?" Wakacheka wote. Tangu hapo jina langu ni Mzee wa Mawazo. Mke wangu naye ananiambia nimekuwa mkavu kwenye simu.

Mtu ninayeonana naye kila siku ni jirani anayenipa lifti kwenda Mtumba. Yeye yuko wizara nyingine. Tunaongea Yanga, bei ya mafuta, basi. Simu yangu ina namba zaidi ya mia tano. Mjomba, mtu mzima anaanzaje kutafuta rafiki bila kuonekana ana matatizo?

Mkimya wa Ilazo

*

Marahaba mpwa wangu, na pole tena kwa mzee. Mwaka mmoja si muda mrefu.

Nianze na hicho kijiwe, maana naona kimekuumiza kuliko unavyokiri. Watu wasiokujali hawapandi basi kwenda Kondoa kushika jembe. Walikuja kwa sababu msibani mwanaume anajua pa kusimama: kuna kaburi la kuchimba, jeneza la kubeba, daftari la michango la kushika, kuna kukesha nje kwenye viti vya kukodi. Kila kazi ina jina na ina mwisho, na ukiifanya vizuri hakuna anayekuuliza moyo wako unasemaje. Wiki ya sita baada ya mazishi haina kazi ya namna hiyo. Kinachotakiwa wakati huo ni mtu kukaa na wewe akuulize habari za mzee, na hilo wengi wetu hatukuwahi kuona mwanaume akimfanyia mwanaume mwenzake.

Halafu uliwaambia pale pale, wote wamekaa, mpira unaendelea. Kundi la wanaume likiwa pamoja, kila mmoja anawaangalia wengine kabla hajajibu. Anayekujibu kwa upole anajiweka upande wako mbele ya watu, na hajui kama naye hatapewa jina. Njia ya haraka ya kutoka hapo ni mzaha. Yule wa "kaza" alijiokoa yeye kwanza. Simtetei, ila nataka uone kwamba jibu lile lilitokana na mazingira kuliko uzito wa ulichosema. Maneno yale yale ukimwambia mmoja wao mkiwa wawili mnatembea kwenda kituoni, mara nyingi utapata jibu jingine kabisa. Kumbuka vizuri: pale mlipokuwa, hakuna hata mmoja aliyecheka kidogo kisha akaangalia chini? Mtu wa namna hiyo huwa yupo. Usimsahau, tutarudi kwake.

Watu hupenda kusema wanaume tumeumbwa hivi. Mimi siamini, na kuna aliyechunguza. Mwanasaikolojia wa Marekani, Niobe Way, alifuatilia wavulana kwa miaka wakiwa shule. Walipokuwa na miaka 13 hadi 15 walizungumzia rafiki zao kwa mapenzi ya wazi, kwamba huyu ndiye namwambia siri zangu, bila yeye ningechanganyikiwa. Walipofika 16 hadi 18 wengi walikuwa wameanza kujitenga, wakisema hawana tena mtu wa hivyo, na wengine wakiona aibu hata kuulizwa. Hiyo ni Marekani, kwetu kuna tofauti zake. Lakini wewe ukisoma bweni, jiulize nani alijua barua ya nyumbani ilisema nini, nani uligawana naye sabuni na kitanda, nani alijua kwamba ada haijalipwa. Ulikuwa naye mtu huyo. Na kwetu vijana wa kiume walishikana mikono barabarani wakitoka shamba na hakuna aliyegeuka kuwatazama. Kwa hiyo ulijua kuwa na rafiki. Uliacha, kama wengi wetu, pale tulipoanza kuchungwa tusionekane kama watoto au kama wanawake.

Baada ya hapo mtu anaoa, na kila jambo la moyoni linahamia kwa mke. Hapo ndipo penye hatari kwa wanaume wa Dodoma, hasa ninyi mliohama na wizara. Mke yuko Dar, mnaongea kwa simu usiku, mtoto anasumbua, umeme umekatika, na wewe hutaki kumwongezea mzigo. Basi unafupisha maneno. Yeye anaona ukavu. Wewe mlango wako mmoja umejifunga na hukuwa na wa pili.

Kuna sababu nyingine mbili ambazo washauri wengi hawazigusi. Ya kwanza ni ofisi. Mji wetu bado ni mdogo, na mtumishi anayejulikana halali usiku anaogopa habari itafika kwa mkuu wake wa idara wakati wa kupanda cheo. Hofu hiyo si ya kijinga. Ya pili ni hela. Mwanaume akimwambia mwenzake "kaka, nina jambo nataka tuongee," mwenzake anaanza kuhesabu salio. Amezoea kwamba mwanzo wa namna hiyo unaishia kwenye mzinga. Anakunja uso kabla hujafungua mdomo, wewe unausoma ule uso unadhani anadharau huzuni yako, kumbe anafikiria ada ya mwanawe. Wangapi wameachana hivyo hivyo bila kuambiana chochote!

Sasa nikujibu ulichouliza. Mtu wa kuanza naye umeshamtaja mwenyewe: jirani wa lifti. Hayuko ofisini kwako, kwa hiyo hana njia fupi ya kufikisha maneno kwa bosi wako. Hayuko kijiweni, hajui kwamba unaitwa Mzee wa Mawazo. Na mnakaa kwenye gari, wote mnatazama mbele. Usilidharau hilo. Wanaume wengi huongea vizuri wakiwa bega kwa bega, mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa na pa kwenda. Ukimkalisha mtu mezani ukamkazia macho, maneno yanakauka. Barabara ya kwenda Mtumba inakupa bure kitu ambacho wengine wanakitafuta.

Inakupa na muda pia. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu saa ambazo watu wazima hutumia pamoja hadi kuwa marafiki. Alikuta kama saa 50 zinamtoa mtu kwenye kufahamiana na kumfanya rafiki wa kawaida, zaidi ya 90 ndiyo rafiki kweli, na rafiki wa karibu anahitaji zaidi ya 200. Piga hesabu yako. Tuseme nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa siku tano: ni saa tano kwa wiki, takribani ishirini kwa mwezi. Kama mmepanda pamoja hata kwa mwaka mmoja, zile 200 mlishazipita zamani. Mbona basi hamjawa marafiki? Kwa sababu Hall aliona pia kwamba saa za kuwa pamoja kwa kulazimika, kama zile za kazini, hazileti ukaribu sana. Kinachosogeza ni kuulizana habari za maisha, kutaniana kwa heri, na kukutana kwa hiari. Saa zenu zimejaa Yanga na bei ya mafuta. Msingi upo, hamjaujengea.

Usianze na kifo cha baba. Anza na jambo dogo, la kweli, ambalo hata likivuja halikuumizi. Mfano, Jumatatu asubuhi mkiwa mmeshaingia barabara kuu, mwambie: "Unajua kaka, wikiendi nisipokwenda Dar ile nyumba inakuwa kimya mpaka nachoka. Wewe ulipohamia ulizoeaje?" Angalia sentensi hiyo imefanya nini. Imesema jambo moja, imekuwa fupi, haijaomba hela, na imeishia kwa swali linalompa yeye nafasi ya kusema lake. Swali la "habari za nyumbani" halifanyi kazi hii. Kwetu jibu lake linajulikana, hata mtu akiwa na mgonjwa wodini atakwambia nzuri. Uliza jambo lenye jina: kuhama, usingizi, mtoto anayefanya mtihani wa darasa la saba, ujenzi uliosimama.

Kisha nyamaza umsikilize anachorudisha. Akikuletea lake, kwamba hata yeye mwaka wa kwanza alikuwa analala na redio imewashwa, basi ameingia. Pokea hilo lake, uliza swali moja zaidi, usirukie la kwako kubwa. Akikuuliza "Kimya kivipi?" ni vizuri vilevile. Akikupa ushauri, "tafuta king'amuzi," usivunjike moyo. Mwanaume akiambiwa shida anaona ameombwa suluhisho, ndiyo namna yake ya kujali. Cheka, mwambie king'amuzi unacho, na uache hapo. Na akitania, akisema "oa wa pili wa huku," nayo si mwisho. Mzaha mmoja wa mkiwa wawili ni wa kupima maji. Tofauti utaijua wiki inayofuata: anayejali atalirudia mwenyewe, "Vipi, wikiendi ulikwenda?" Asiyejali hatakumbuka kabisa.

Subiri kama wiki mbili. Katika muda huo sikiliza mambo mawili. Je, jambo lako limerudi kwako kupitia mdomo wa mtu mwingine? Na yeye anapokusimulia watu, anatoa siri zao? Anayekuambia ndoa ya jirani wa nyumba ya tatu inavyoyumba atakusimulia na wewe. Huyo mwache abaki wa lifti, bila kinyongo, na umtafute mwingine.

Akifaulu, panda kidogo. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake waliwakalisha watu wasiojuana wawiliwawili, wakawapa maswali yanayoanza mepesi na kwenda yakizama, kila mmoja akijibu kwa zamu. Kwa chini ya saa moja walijisikia karibu kuliko wale waliopewa mazungumzo ya kawaida. Wewe huna haja ya orodha ya maswali, chukua tu yale mawili: kupanda polepole na kupokezana. Wanaoharibu ndio wale wanaokaa kimya miaka mitano halafu siku moja wanamwaga yote, marehemu, ndoa, madeni, kwa dakika arobaini. Mwenzako anashuka garini hajui afanye nini na yale yote, na kesho yake anaondoka mapema kabla hujatoka nje.

Siku ya kumwambia kuhusu mzee itakapofika, mwondolee kwanza ile hofu. Sema hivi: "Kaka, nina jambo linanisumbua. Si hela, na sihitaji ushauri, nataka tu mtu alijue. Tangu mzee afariki silali vizuri." Maneno ya mwanzo yanaonekana ya kuchekesha, lakini utaona mabega yake yanavyoshuka. Ameambiwa kazi yake ni nini: kusikiliza. Mwanaume akipewa kazi yenye mipaka anaiweza, kama alivyoiweza msibani. Na usimkope hela katika miezi hiyo ya mwanzo, hata akikupa mwenyewe. Deni likiingia mapema, hutajua tena kama anakukwepa kwa ajili ya huzuni yako au kwa ajili ya laki mbili.

Na pombe? Najua utaniuliza, maana ndipo wanaume wengi wanapofungukia. Bia ya tatu inafungua mdomo kweli. Shida iko asubuhi. Mtu anaamka na aibu, hajui alisema mangapi, na wote wawili mnajifanya hakuna kilichosemwa. Jambo linakuwa limetoka bila kupokelewa. Kunyweni mkipenda, ila neno zito lisemeni siku ambayo kesho yake mtalikumbuka.

Ukaribu hauwezi kubaki garini tu, maana garini yeye ni dereva na wewe ni abiria wake, na kila siku unashukuru. Tafuta jambo moja la Jumamosi ambalo wewe ndiye unayemwalika. Hapa Dodoma si vigumu: kila mtumishi ana kiwanja mahali, Iyumbu, Nala au Nzuguni, na hakuna mwanaume anayekataa kwenda kukagua kiwanja cha mwenzake. Mwambie akusindikize ukaone mipaka, au mwende sokoni Sabasaba asubuhi mkanunue mahitaji ya wiki, mpite mahali mle mbuzi. Mwaliko uwe na siku na saa. "Siku moja tukutane" ni namna ya kuagana tu. Na mkirudi panga tena papo hapo, hata kama ni baada ya wiki tatu.

Wakati huo usikae unamsubiri jirani peke yake. Kati ya hizo namba mia tano kuna mtu mmoja mliyekula naye ugali wa bweni. Mpigie, usimtumie ujumbe. Ujumbe atajibu kwa picha ya mkono na mambo yataishia hapo. Piga ukiwa unatembea jioni, sema, "Nimekukumbuka bila sababu." Saa zenu mlishaziweka zamani, kwa hiyo kwa huyo utafika haraka kuliko kwa jirani. Atashangaa, pengine atauliza nani amekufa. Mwambie ni baba yako, mwaka jana, na kwamba hukumwambia.

Na yule aliyeangalia chini kijiweni: kaa karibu naye siku nyingine, mtoke pamoja mpira ukiisha. Usimkumbushe ile siku. Muulize habari za wazazi wake kama wako hai. Mwanaume anayeangalia chini kwa jambo kama lile mara nyingi ana lake linalofanana. Kijiwe chenyewe usikihame. Jina la Mzee wa Mawazo ukilikasirikia litadumu. Ukiitika tu "naam" litachosha watu. Cha kijiweni ni mpira na kucheka, na vitu hivyo navyo mtu anavihitaji.

Kuna mpaka mmoja lazima niuseme. Usingizi mbaya baada ya kufiwa ni wa kawaida kwa muda, lakini wewe umeubeba miezi mingi. Kama pamoja na hilo hamu ya kula imeisha, kazi unaishika na kuiacha, huoni raha kwenye lolote kwa wiki mbili mfululizo au zaidi, usimpe jirani mzigo wa daktari. Nenda hospitali. Na kama umewahi kuwaza kwamba ni afadhali usiamke, nenda leo, na umwambie mtu mmoja aende nawe. Mirembe iko hapa hapa mjini, na wanaokwenda kliniki pale wengi wanarudi kazini siku hiyo hiyo. Yale maneno ya mtaani kuhusu Mirembe yaache mtaani. Ukiona aibu ya geti lile, anza hospitali ya rufaa ya mkoa, utapewa wa kuongea naye.

Bado jambo la treni. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024 wenzako wengi wanaishi kama wewe: Ijumaa jioni stesheni, Jumapili usiku wamerudi. Ni jambo jema kwa watoto. Lakini urafiki wa watu wazima unajengwa Jumamosi, na Jumamosi zako zote ziko Dar, ambako nako rafiki wa zamani wameshazoea kwamba umehama. Hivyo huku unalala na kule unatembelea. Ongea na mke wako mkubaliane wikiendi moja kwa mwezi ubaki Ilazo, au yeye na watoto waje huku. Mwambie sababu kamili, pamoja na habari ya usingizi na ya kile kijiwe, usije ukamwachia nafasi ya kuhisi kuna mwanamke. Kisha, kabla Ijumaa hiyo haijafika, umwulize jirani kama Jumamosi asubuhi ana nafasi ya kwenda kuona kiwanja.